Andika Usiku, Ipelekwe Mchana



Wengi wetu katika miji ya Riyadh na Jeddah hupata nafasi ya kushika kalamu, au simu, pale tu watoto wanapolala na kazi za siku zinapokwisha. Tangazo la mkutano, orodha ya michango au habari ya mgonjwa huandikwa saa saba ya usiku, na papo hapo hupelekwa kwa jamaa wote. Mwandishi huenda kulala akiwa amepumzika. Walioandikiwa ndio wanaoamka.

Pengine mtu atasema, "Si wazime simu zao?" Wapo wasioweza. Dereva wa nyumbani hulala na simu ubavuni kwa kuwa mwajiri huenda akamwita. Muuguzi aliye zamu ya akiba hali kadhalika. Na karibu kila mmoja wetu ana mzazi aliyemwacha Unguja, Mombasa au Tanga, na simu ikilia usiku wa manane moyo hukimbilia kwenye msiba kabla mkono haujaifikia. Kumtia mtu hofu hiyo kwa sababu ya tangazo la matembezi ni kumdhulumu usingizi wake.

Dawa ipo, nayo haimlazimishi mwandishi kungoja mchana. Tangu mwaka 2019 barua pepe ya Gmail inakuwezesha kuandika sasa na kuiwekea barua saa ya kuondoka. Ukimaliza kuandika, usiguse alama ya kutuma. Gusa vile vidoto vitatu vilivyo pembeni juu, uchague `Schedule send`, kisha uweke tarehe na saa. Barua itangoja katika mitambo ya Google, si ndani ya simu yako, kwa hiyo hata ukiizima simu ukalala, barua itaondoka kwa wakati wake. Wanaotumia Telegram hubonyeza alama ya kutuma bila kuiachia, na hapo huletewa `Schedule Message`.

Kuweka saa ndiko kunakohitaji uangalifu, nasi waswahili tuna mitego miwili ambayo wenzetu hawaijui.

Tuchukue mfano. Katibu wa jamaa za Jeddah anaandika tangazo la matembezi ya Ijumaa kwenda Taif. Majina ya watakaokwenda yanatakiwa yafike Alhamisi kabla ya saa 4 ya usiku, ili gari la kutosha likodiwe. Anamaliza kuandika saa 7:40 ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Akilini mwake Jumatano bado haijaisha, kwa kuwa hajalala. Simu yake, lakini, inasoma 1:40 AM, Alhamisi. Yeye anataka tangazo liende "kesho". Akichagua neno `Tomorrow` bila kuisoma tarehe iliyo kando yake, kesho ya simu ni Ijumaa, na tangazo litawafikia watu gari likiwa limekwisha kukodiwa. Huu ndio mtego wa kwanza. Anayeandika baada ya saa 6 ya usiku asitegemee neno kesho hata kidogo. Na afungue kalenda, aiguse tarehe yenyewe.

Mtego wa pili ni wa saa. Katibu wetu ameamua tangazo liende saa 10:30 ya jioni. Akiandika 10:30 kama anavyoitamka, simu itampa ama 10:30 AM, ambayo ni saa 4:30 ya asubuhi, ama 10:30 PM, ambayo ni saa 4:30 ya usiku. Katika hali hii ya pili muda wa kuleta majina umepita, na watoto wameamshwa juu yake. Saa ya Kiswahili na saa ya simu zinapishana kwa saa sita kamili: 10:30 ya jioni huandikwa 4:30 PM. Kabla ya kuthibitisha, jiulize: je, saa hii ya simu nikiitoa sita, au nikiiongeza sita, inarudi kuwa ile niliyoikusudia? Kisha fungua fungu liitwalo `Scheduled` uisome tarehe na saa kwa mara nyingine. Ni kazi ya nusu dakika.

Kwa nini 4:30 PM? Riyadh na Jeddah zina saa moja ya ukutani, lakini jua halizifikii pamoja. Jeddah iko magharibi kwa kadiri ya digrii saba na nusu, kwa hiyo alfajiri na magharibi huchelewa huko kwa karibu nusu saa, zaidi au pungufu kulingana na majira. Anayeandikia miji yote miwili akisema "nitapeleka mara baada ya Alfajiri" ya Riyadh, atawakuta wa Jeddah bado wamelala. Ama 4:30 PM, Alasiri huwa imekwisha kuswaliwa kote kuwili mwaka mzima, wa zamu ya usiku wameamka, na mchana haujaisha. Nyumbani Afrika Mashariki saa ni ile ile ya kwetu, kwa hiyo jamaa wa Mombasa au Dar es Salaam hawahitaji hesabu nyingine. Muscat wametutangulia kwa saa moja.

Mwezi wa Ramadhani hesabu hiyo hupinduka. Watu hukesha, hula daku, huswali, kisha hulala mpaka mchana. Saa 3 ya asubuhi, ambayo katika miezi mingine haina ubaya, huwa ndiyo usiku wao. Na saa 5 ya usiku, baada ya tarawehe, wengi wako macho. Mwenye mazoea ya kupanga barua zake zote asubuhi na abadilishe mwezi unapoandama.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa zaidi. La kwanza, ujumbe mfupi unaopangwa katika programu ya Messages ya simu za Android hungoja ndani ya simu yenyewe. Simu ikizimika, nao hauendi kwa wakati. WhatsApp kwa miaka mingi haikuwa na mpango huu kabisa. Asiyeuona katika simu yake na ajiandikie mwenyewe ule ujumbe, aweke kengele ya saa anayoitaka, kisha auhamishie kwa jamaa mchana. Asipakue programu za wizi zinazojidai kuwa WhatsApp iliyoongezwa ujuzi, kwani wanaozitumia hufungiwa namba zao.

La pili ni zito zaidi. Barua iliyopangwa haijui kilichotokea ulipokuwa umelala. Mmoja wa jamaa akifariki alfajiri, tangazo la matembezi lenye vicheko litaondoka lile lile alasiri, likakuta watu wamekaa matanga. Kwa hiyo anayepanga barua na aifungue tena kabla ya saa yake. Ikibidi, aguse `Cancel send`. Barua itarudi kuwa rasimu, aisahihishe au aizuie.

Na habari ya kifo, ya mgonjwa mahututi au ya mtoto aliyepotea haipangiwi saa. Hiyo mpigie simu anayehusika, hata kama ni saa nane ya usiku. Tukiacha kuamshana kwa yasiyo na haraka, simu ikilia usiku kila mtu atajua kuwa anaitwa kwa jambo, naye ataipokea.

Wabillahi tawfiq.