"Zakayo shuka": bango lisilofasirika neno kwa neno

Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, bango moja lilienea mabarabarani na mitandaoni: "Zakayo shuka". Ukilifasiri kwa Kiingereza neno kwa neno, mgeni ataona mtu aitwaye Zakayo akiambiwa ateremke. Ateremke wapi, na kwa nini watu wacheke, hajui.

Wala si mgeni tu. Hata kwetu Pwani, Kiswahili tunacho, lakini aliyesomea madrasa huenda hajapata kuisikia hadithi hiyo. Zakayo, katika Injili ya Luka, ni mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Alikuwa mfupi, akapanda mkuyu ili amwone Yesu, akaambiwa ashuke. Wakenya wakambandika Rais Ruto jina hilo kwa sababu ya kodi. Basi "shuka" ikabeba mawili: teremka mtini, na toka madarakani.

Wengine hufasiri "Ruto ajiuzulu". Hapo dai linabaki, utani umekufa. Afadhali maneno yaachwe yalivyo, na chini yake uwekwe mstari mmoja: "Zakayo: mtoza ushuru wa Injili aliyepanda mti, jina la utani la Rais Ruto. Shuka: teremka, pia ondoka madarakani."

Maelezo hayo hayatamchekesha msomaji. Yatamwonyesha ukali wa bango: katika hadithi, Zakayo aliposhuka aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.