Kona ya mwalimu: «Bado» peke yake

Juma hili tunaongea juu ya mesaji za simu, na zaidi juu ya neno moja ambalo limekosesha watu wengi usingizi: «Bado».

Tuchukue mfano. Tumeutunga, lakini kila mmoja wetu ataujua. Mama yuko Nyabiondo, mtoto wake anasoma Walikale na analala kwa shangazi yake. Mtoto amegonjwa. Mama anaandika hivi:

«Wifi jambo. Mtoto amepona? Nitume pesa ya dawa ao nije mwenyewe?»

Shangazi amechoka, ametoka kituo cha afya, betri ya simu inaisha. Anajibu: «Bado.»

Kwake yeye jibu limekamilika. Ameulizwa kama mtoto amepona, na kweli bado. Lakini tuangalie upande wa Nyabiondo. Mama aliuliza mambo matatu, akapata neno moja. Bado nini? Bado hajapona? Bado hajapelekwa kwa muganga? Bado usitume pesa? Na mbona hata «wifi» haikuandikwa? Labda amekasirika juu mtoto anakula kwake na mama hajatuma kitu. Usiku ule mama anahesabu makuta ya pikipiki, na asubuhi anaweza kuwa njiani, kwa matope na bariere tunazozijua wote, anakimbilia mtoto aliyekuwa amekaa uani anakula muhogo.

Baridi ya jibu fupi haitoki katika ufupi wake. Inatoka katika nafasi tupu ambayo msomaji analazimika kuijaza mwenyewe, na mtu mwenye hofu anaijaza na hofu yake. Tukikaa karibu, uso na sauti vinajaza nafasi ile. Katika mesaji hakuna uso.

Dawa ambayo wengi wanatumia ni kuandika barua nzima. Shangazi anaanza na salamu kwa kila mtu wa nyumba, anaeleza mvua, foleni ya kituo, maneno ya muguzi, na habari ya mtoto inakuja mwishoni. Mesaji moja ya kawaida inabeba alama 160, na nafasi kati ya maneno, nukta na koma vyote vinahesabiwa. Ukizipita, simu inakata mesaji vipande vya alama 153, na kila kipande kinalipwa kama mesaji nzima. Pale rezo inapatikana juu ya kilima tu, kipande kimoja kinaweza kufika na kingine kubaki njiani. Kipande kilichobaki kikiwa ndicho chenye habari ya mtoto, barua yote ile haikusaidia kitu.

Kwa hiyo tunatafuta mesaji inayojibu yote na kuingia katika 160. Sisi tunafanya hivi: tunarudia kusoma swali, tunahesabu kwa vidole mambo yaliyoulizwa, kisha tunatoa kila kidole jibu lake. Hapa kuna vidole vitatu: mtoto, pesa, safari. Tunaongeza cha nne ambacho hakikuulizwa lakini mama anakingojea: nitapata habari tena lini?

Shangazi angeandika:

«Wifi, mtoto bado ana homa ila anakula. Ni malaria, jana ameanza dawa ya siku 3. Dawa imelipwa, usitume pesa wala usije. Kesho jioni nitakuandikia tena.»

Tumehesabu: alama 151. «Bado» imebaki palepale, lakini sasa ina mtoto mbele yake na homa nyuma yake. «Wifi» imekula alama nne tu na inaonyesha kwamba hakuna kinyongo. Tena «ila anakula» ndiyo maneno ambayo mama ataonyesha jirani, kwa sababu kila mama anajua mtoto anayekula ni mtoto wa namna gani. Na «siku 3» inamfundisha kwamba homa ya leo haisemi dawa imeshindwa, dawa haijamalizika.

Kuna neno moja linalotusumbua pale. «Usije», kwa mama mwenye mtoto mgonjwa, ni kama kufungiwa mlango. Tuweke «usisumbuke kuja». Tunahesabu tena: 161! Alama moja imezidi, na tutalipa mesaji mbili. Basi tunatoa «tena» ya mwisho, haina kazi, na tunafika 156. Hivyo ndivyo mesaji inavyopunguzwa: toa neno ambalo likiondoka hakuna atakayeuliza swali, usitoe lile linalomtuliza mtu.

Mkiona simu inasema mesaji mbili wakati maneno ni machache, tafuteni alama ngeni. Picha ya uso ao ya moyo, moja tu, inashusha nafasi kutoka 160 mpaka 70. Herufi za Kifaransa zenye kofia, kama ê na ô, zinafanya vilevile, lakini é na è hazina shida. Na hata ng'ombe wetu wa Masisi wanaweza kutugharimu: simu nyingine zinapindisha kile kialama cha juu katikati ya neno, na kikipindishwa kinahesabiwa kati ya zile ngeni. Kilichonyooka hakina neno.

Ahadi ya «kesho jioni» iandikwe tu kama kweli utapata rezo kesho jioni. Kama utapanda kilima siku ya soko, andika siku ya soko. Mtu aliyeambiwa kesho akakuta kimya ana hali mbaya kuliko yule aliyeambiwa siku ya nne. Na kama simu ni ya kuazima, jina lako litangulie, kwani namba ngeni inayosema «mtoto ana homa» inaweza kuwa ya mtu yeyote. Hapo tukizidisha 160 tunalipa mesaji ya pili bila kunung'unika. Habari za nani amesimama kwenye bariere gani hatuziandiki. Simu inaweza kusomwa na macho mengine.

Je, kama habari ni mbaya? Hatuipaki sukari. Vidole ni vilevile, lakini kile cha safari kinatangulia: «Wifi, njoo. Mtoto amezidiwa, tumelazwa kituo cha afya, mimi niko naye usiku na mchana.» Kazi yote ya kutia moyo imo katika «niko naye». Ila kifo hakiandikwi kwa mama. Unaandikia mkubwa aliye karibu naye, ili amwendee na kukaa naye kabla neno halijasemwa.

Kwa madeni ya likelemba ni njia ileile, na fupi zaidi. «Sina» inasikika kama dharau kwa mama mweka hazina, ambaye lazima aeleze wenzake. «Mama, leo sina. Nitaleta yote kikao kijacho, uniandike» haipiti alama 60, na anaweza kuisoma mbele ya wote.

Turudi Nyabiondo. Mama naye akijibu «Sawa» tu, shangazi hajui kama amesoma yote ao ameudhika kwa kukatazwa kuja. «Asante wifi, nimesoma. Situmi, siji, nangojea kesho jioni. Mpe maji mingi.» Hapo hata shangazi anaweza kuzima simu na kulala.