Deni la dukani lihesabiwe kwa umri wake

Maduka mengi ya vijijini na mitaani hayakosi daftari la madeni. Mteja akichukua sukari kwa mali kauli huandikwa, akilipa kidogo hupunguziwa, na mwenye duka akitaka kujua hali yake hujumlisha anachodai. Jumla hiyo humwambia kiasi kilichoko nje, lakini haimwambii kimekaa huko muda gani. Deni la wiki mbili na deni la miezi minne si kitu kimoja hata kama shilingi zake zinalingana.

Kosa linalowagharimu wengi hutokea siku mteja anapolipa sehemu ya deni. Muuzaji hufuta salio la zamani na kuandika jipya kwa tarehe ya siku hiyo. Kwa kalamu hiyo hiyo deni la zamani huwa limezaliwa upya, na mteja mzito wa kulipa huonekana mlipaji mzuri kwa sababu kila mara anapunguza kidogo.

Tuseme mteja amechukua bidhaa za Sh 60,000 Machi 4, za Sh 45,000 Aprili 10 na za Sh 50,000 Mei 15. Katikati amelipa mara mbili: Sh 30,000 Aprili 28 na Sh 15,000 Mei 30. Salio ni Sh 110,000. Daftari la kawaida litaonyesha kiasi hicho mbele ya tarehe Mei 30, kana kwamba ni deni la jana.

Njia sahihi ni kila mteja kuwa na ukurasa wake wenye safu tano: tarehe, maelezo, alichochukua, alicholipa na salio. Hakuna kinachofutwa. Mwisho wa mwezi malipo yote hupelekwa kwanza kwenye deni la zamani zaidi. Katika mfano huu Sh 45,000 zilizolipwa zinapunguza deni la Machi, ambalo linabaki Sh 15,000. Kwa hiyo hadi Mei 31 mteja huyo anadaiwa Sh 50,000 za siku 16, Sh 45,000 za siku 51 na Sh 15,000 za siku 88. Siku tatu baadaye hizo za mwisho zitakuwa zimevuka siku 90.

Baada ya hapo ukurasa mmoja wa nyuma ya daftari unatosha kuorodhesha wateja wote katika mafungu manne: hadi siku 30, siku 31 hadi 60, siku 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Fungu la mwisho likikua mwezi hadi mwezi huku mauzo yakiwa yale yale, mtaji unaliwa, hata kama rafu bado zimejaa.

Sh 15,000 huonekana ndogo. Lakini duka linalopata faida ya Sh 1,000 katika kila mauzo ya Sh 10,000 lina mtaji wa Sh 13,500 ndani ya deni hilo. Lisipolipwa, itabidi ziuzwe bidhaa za Sh 135,000 kwa fedha taslimu ili kurudisha mtaji huo tu.

Mkulima ahesabiwe tofauti. Aliyechukua mbegu na mbolea Novemba kwa makubaliano ya kulipa Juni 30 baada ya kuvuna mahindi hajachelewa Machi. Umri wa deni lake uanzie siku waliyokubaliana, na siku hiyo iandikwe siku anapochukua mali. Hata hivyo, madeni ya msimu yawe na ukurasa wake wa jumla, kwani fedha hizo haziwezi kununua bidhaa nyingine hadi mavuno.

Daftari hili lina adui mmoja, nao ni ubishi. Mtoto hutumwa dukani, baba akakana. Malipo ya simu huingia usiku, asubuhi yakasahauliwa. Dawa ni kuandika papo hapo, kutaja aliyechukua, na mteja kutia saini au kuwa na kijitabu chake kinacholinganishwa na cha duka. Saini hiyo ina uzito pia kisheria. Nchini Tanzania madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya.

Daftari halimlipishi mtu. Linalofanya ni kumwonyesha mwenye duka nani wa kufuatwa kwanza na nani wa kusimamishiwa mkopo. Kanuni nyepesi ni kwamba mwenye deni lililopitisha siku 60 tangu siku ya kulipa asiongezewe mali hadi alipe lile la zamani. Muuzaji anayeona aibu kusema hivyo afungue ukurasa wa mteja na kumwonyesha tarehe.