HESABU YA SIKU ZA MWISHO



Mtu akiachishwa kazi, huitwa ofisini, huwekewa karatasi ya dekonti finali na kuambiwa atie sahihi. Sisi makarani tunajua kwamba wengi hutazama jumla ya chini tu. Tunawaomba mtazame kwanza siku zilizohesabiwa.

Sheria ya Kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haikuweka bahshishi ya pekee ya kuagana. Hiyo hutoka katika mapatano ya kampani na wafanyakazi, kama yapo. Iliyoweka ni preavi. Patroni akimwondoa mtu mwenye kontra isiyo na mwisho, ampe taarifa ya siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi usiokatika. Asipotoa taarifa, alipe fedha za siku hizo zote.

Tuchukue mfano. Mtu aliingia mgodini tarehe 1 Machi 2012, akafukuzwa palepale tarehe 20 Februari 2024. Yeye atasema miaka 12. Lakini sheria yahesabu toka tarehe hadi tarehe, na mwaka wa kumi na mbili haukutimia. Zimebaki siku chache tu. (Si ajabu patroni mwenye hesabu akaharakisha barua.) Basi ni miaka 11 mara 7, yaani siku 77, pamoja na 14: siku 91.

Mshahara wake wa mwisho ni dola 260. Kwa desturi mwezi una siku 26 za kazi, basi siku moja ni dola 10, na siku 91 ni dola 910. Hesabu haishiki mshahara aliouanza mwaka 2012, kwa maana analipwa kile ambacho angekipata kama angalibaki kazini siku hizo.

Hapo ndipo wengi huibiwa. Sheria yasema mshahara pamoja na faida za kila namna. Kama kampani ilikuwa ikimpa dola 40 kila mwezi za nyumba, siku 91 ni miezi mitatu na nusu, basi zaongezwa dola 140. Haki yake ni dola 1,050. Akipewa dola 260 na kuambiwa "mwezi mmoja watosha", ajue siku 65 zimefichwa.

Mwenye kosa kubwa lililothibitika hapati preavi. Mwenye kontra ya muda maalumu ana hesabu nyingine. Na mchimba dhahabu wa Misisi anayegawana mchanga na mwenye shimo, bila patroni wala mshahara, sheria hii haimfikii. Tunalisema kwa uchungu.

Ukikataa hesabu, usikimbilie tribinali: Inspekta wa Kazi ndiye wa kwanza kuwapatanisha. Mpelekee kontra, barua ya kufukuzwa na karatasi ya mshahara wa mwisho.