Mnalaumu Mayonezi, Kumbe Mayai Yalilala Kwenye Ndoo!

Najua wengi mmeshaiona ile stori ya bebi shawa ya staa wetu mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, msinitafutie kesi). Mapambo yalikuwa moto, picha zilitrendi siku nzima, halafu usiku wageni wakaanza kupishana chooni. Kwenye komenti kila mtu kageuka daktari. Mmoja anasema mayonezi ilikuwa feki, mwingine anasema kuna shosti katupia kitu, wengine wanamtukana mpishi.

Mimi nilikuwepo. Sikula ile saladi kwa sababu nilichelewa foleni, na kwa mara ya kwanza maishani nashukuru kwa kuchelewa. Siku ya pili nikaongea na dada mmoja aliyesaidia jikoni, nikapanga muda wa matukio, nikampelekea binamu yangu ambaye ni nesi. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, hapo hapahitaji mganga, panahitaji saa ya ukutani."

Iko hivi. Mayai trei nne, yaani 120, yalichemshwa saa 4 usiku kabla ya shughuli. Yakamenywa usiku uleule ili asubuhi kazi iwe nyepesi. Friji ilikuwa imejaa soda na keki, kwa hiyo mayai yakawekwa kwenye ndoo ya plastiki, yakafunikwa, yakalala sakafuni. Mmoja wa waliomenya alikuwa na plasta kidoleni, alijikata na kisu mchana wake. Asubuhi saa 2 yakakatwa, yakachanganywa na viazi na mayonezi. Saa 7 mchana saladi ikawekwa mezani, chini ya tenti, jua la Dar la mwezi wa pili mnalijua. Ikakaa hapo ikipigwa picha. Mgeni rasmi, mrembo mmoja maarufu, akaingia saa 11 jioni, ndiyo watu wakaruhusiwa kula.

Hesabu na wewe. Kutoka saa 4 usiku mpaka saa 11 jioni ni saa 19 bila baridi hata kidogo. Unajua yai la kuchemsha linatakiwa likae nje ya friji muda gani? Saa 2 tu. Na kama joto limevuka nyuzi 32, ni saa 1. Basi.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini si limechemshwa, wadudu wamekufa?" Kweli, wamekufa. Tatizo ni wale wanaokuja baadaye. Yai bichi lina utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vitundu vidogo. Ukilichemsha, ule utando unatoka, na vitundu vinabaki wazi. Ukilimenya ndiyo umemaliza kabisa, umebaki na chakula laini, chenye majimaji, kilichoshikwa na mikono. Ndiyo maana yai la kuchemsha linaharibika haraka kuliko bichi. Watu wengi tunaamini kinyume chake.

Sasa ile plasta ya kidoleni. Kuna bakteria anaitwa stafilokokasi, anaishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wazima kabisa, na kwenye kidonda anakuwa mwingi zaidi. Akiingia kwenye yai lililomenywa, halafu ukampa joto na muda, anazaliana na kutoa sumu. Hiyo sumu haina harufu, haina ladha, na haifi hata ukirudisha chakula jikoni ukakichemsha upya. Ikiingia tumboni inaanza vurugu haraka, kati ya nusu saa na saa 8: kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata, kuharisha. Pale shughulini walikula saa 11, wa kwanza katapika kwenye saa 2 usiku. Hakuna aliyepima maabara, ila binamu yangu anasema kwa muda ule na dalili zile, huyu ndiye mshukiwa namba moja.

Na mayonezi? Ya dukani ina siki, ni kali, bakteria hawaipendi sana. Mara nyingi kinachoharibika ni mayai na viazi vilivyochanganywa nayo. Ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi hiyo ni kesi nyingine, kwenye shughuli ya jua msiipeleke kabisa. Na ile rangi ya kijani kuzunguka kiini ambayo wengine mmeipiga picha kama ushahidi, siyo sumu. Ni yai kuchemshwa muda mrefu kupita kiasi. Mnatoa macho kwenye rangi wakati kinachoumiza hakionekani.

Maoni yangu ni haya, na mkinuna sawa. Mpishi ana kosa lake la ile ndoo na kile kidole. Ila kosa kubwa tumelizoea sote: chakula kimegeuka pambo. Meza inapangwa saa 7 ili kamera ipate, na wageni wanakula saa 11 kwa sababu mtu mmoja bado yuko saluni. Na hii ilikuwa bebi shawa jamani! Meza nzima ya mbele walikaa wajawazito, watu ambao chakula kibovu kinaweza kuwaumiza kuliko mimi na wewe.

Kama lazima mayai yawepo, inawezekana. Chemsha asubuhi ya shughuli, au jana yake kama friji ina nafasi. Yakiiva yapoze kwenye maji safi ya baridi, siyo yale ya ndoo ya kudekia, kwa sababu yai likipoa linavuta maji ndani kupitia ganda. Yafute, yaingie friji na maganda yake kabla saa 2 hazijaisha. Humo yanakaa mpaka siku 7. Ukishatengeneza saladi, hesabu siku 3 au 4, siyo wiki.

Siku yenyewe, menya kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni, na mwenye kidonda apangiwe kazi ya viti. Saladi isafiri kwenye deli lenye barafu. Mezani toa sahani ndogo, iliyokaa juu ya barafu, na ikiisha leta sahani nyingine safi. Usimwage mpya juu ya ya zamani. Kwa picha, toa sahani moja, piga, rudisha kwenye baridi. Kama ni mchuzi wa mayai, ukae motoni unafuka moshi, siyo vuguvugu. Na kilichopitiliza muda mezani kitupwe. Najua tunapenda kufungasha, ila ile mifuko ya saa 3 usiku ndiyo iliyowaangusha hata watoto wa nyumbani ambao hawakualikwa.

Kama ulikula na bado tumbo linakusumbua, kunywa maji yenye ORS kidogokidogo. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja. Ukiona damu, homa kali, au maji hayakai tumboni, nenda hospitali. Mjamzito, mtoto mdogo na mzee wasisubiri hata hayo.

Kwa staa wetu, pole sana dada, na hongera kwa mtoto anayekuja. Arobaini ikifika tualike, tutakuja. Ila mgeni rasmi akichelewa, sisi tunaanza kula.