Soko Halina Deni Nawe

Siku hizi hapa Arusha kijana akisema, "Leo lazima nirudishe hela yangu," wenzake humsifu. Humwita mpiganaji. Mimi nasema mtu huyo angefaa kuzuiwa mlangoni. Anachokwenda kukifanya si biashara tena bali ni kisasi, na huyo anayelipiziwa kisasi hayupo. Soko halimjui, halikumchukia asubuhi, wala halitamwonea huruma jioni.

Nawazungumzia wale wanaonunua na kuuza dhahabu na fedha za kigeni kwa simu, na utawakuta tangu Sakina mpaka Usa River. Akipoteza mara moja, huguna. Akipoteza mara ya pili, hukaza macho. Akipoteza mara ya tatu, huongeza kiasi na kufungua biashara nyingine kabla hata hajameza mate. Ndipo walimu wake wanapomwambia awe na moyo wa subira. Ushauri huo ndio ninaoupinga leo. Humwachia moyo kazi ya kujilinda katika saa ileile ambayo moyo wenyewe umeharibika.

Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu. Mtu alitakiwa achague: apoteze 3,000 kwa hakika, au acheze bahati ambayo kwa asilimia 80 atapoteza 4,000, na kwa asilimia 20 hatapoteza kitu. Ukipiga hesabu, bahati hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa wastani wake ni hasara ya 3,200. Hata hivyo, asilimia 92 waliichagua. Walipoulizwa kwa tarakimu zilezile upande wa faida, asilimia 80 walichukua 3,000 ya uhakika. Basi, ndugu msomaji, tusimcheke kijana wa Sakina. Mtu yeyote aliyemo ndani ya hasara huvutwa na hatari ambayo nje ya hasara angeikimbia. Hiyo si tabia mbaya ya mtu mmoja, na kwa hiyo mahubiri hayaiponyi.

Tuitazame hesabu yenyewe. Chukua mtaji wa dola 1,000 na dhahabu, ile iandikwayo XAUUSD kwenye skrini. Kiasi cha 0.01 ni wakia moja, kwa hiyo bei ikisogea dola 1, nawe umepata au umepoteza dola 1. Mtu anaweka kikomo cha hasara dola 10 kutoka bei aliyoingilia. Amehatarisha asilimia 1 ya mtaji. Akipoteza, anaongeza mara mbili ili ushindi mmoja ufute yote. Hasara zake zitakwenda hivi: 10, 20, 40, 80, 160, 320. Baada ya hasara sita amepoteza 630, na biashara ya saba inataka kuhatarisha 640 wakati amebakiwa na 370. Ili arudi alipoanza, sasa anahitaji faida ya asilimia 170.

Atakwambia kwamba sita mfululizo haitokei. Hutokea. Rusha sarafu mara 100: uwezekano wa upande ulioutaja kutokea mara sita mfululizo, angalau safari moja, ni zaidi ya nusu. Sasa mtazame jirani yake, ambaye kila mara alihatarisha asilimia 1 ya fedha iliyobaki. Baada ya hasara sita zilezile amebakiwa na takriban dola 941, na anahitaji asilimia 6 na kidogo kurudi. Wote wawili walikosea mara sita. Aliyeangamia aliangamizwa na kisasi, si na makosa.

Kwa hiyo sheria zangu ni za tarakimu, nazo huandikwa asubuhi kwenye daftari kabla ya kuwasha skrini. Kwanza, hasara ya biashara moja ni asilimia 1 ya mtaji. Kiasi hupatikana kwa kugawanya fedha hiyo kwa umbali wa kikomo, na mtaji huhesabiwa upya Jumatatu tu. Katikati ya wiki kiasi kinaweza kupungua. Kuongezeka ni marufuku.

Pili, zikija hasara mbili mfululizo, biashara ya tatu huwa ya nusu ya hatari ya kawaida. Ikipotea nayo, siku imekwisha. Kwa mtaji wa dola 1,000 nimepoteza 10, 10 na 5, jumla 25. Wiki ikifikisha hasara ya 50, nafunga mpaka Jumatatu. Kama kiasi kidogo kabisa kinachoruhusiwa hakigawanyiki nusu, naweka kikomo karibu zaidi pale tu chati inaporuhusu. Isiporuhusu, biashara ya tatu haifunguliwi.

Tatu, na hii ndiyo ngome, sheria isiachwe mikononi mwa aliyekasirika. Fedha nyingi hukaa benki, na huingizwa kwenye akaunti ya biashara Jumatatu asubuhi peke yake, maana kisasi hulishwa na urahisi wa kutuma hela kwa simu usiku. Tena, akaunti za MetaTrader huwa na nywila mbili: moja ya kufanyia biashara, nyingine ya mwekezaji, inayoruhusu kutazama tu. Baada ya hasara ya tatu natoka na kuingia kwa ile ya kutazama. Ile ya kwanza imeandikwa kwenye karatasi, na karatasi anaitunza mke wangu.

Nne, kabla ya kufungua biashara najibu swali moja kwa maandishi: kama ile hasara iliyopita isingetokea, ningeifungua hii? Dalili za kisasi zinajulikana. Biashara imefunguliwa dakika chache baada ya hasara, kiasi kimepanda, sababu haimo katika daftari la asubuhi, au kikomo kimesogezwa mbali bei ilipokikaribia. Ikionekana mojawapo, jibu ni hapana.

Wanunuzi wa tanzanaiti wa mji huu wanajua jambo hili kwa njia yao. Jiwe lile hubadilika rangi: kwenye mwanga wa mchana buluu hutawala, na chini ya balbu ya zamani zambarau huzidi. Mwenye akili hulipima mchana, kisha ndipo hutaja bei. Nasi tuipime hatari asubuhi, kabla hasara haijabadilisha mwanga.

Sheria hizi zina mipaka yake. Kikomo cha hasara huweza kurukwa bei inapochupa, hasa takwimu za ajira za Marekani zinapotolewa, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 9:30 alasiri kwa saa zetu, au 10:30 wakati wa majira yao ya baridi. Nusu saa kabla na baada yake mimi simo. Wala sheria hazigeuzi njia mbovu kuwa nzuri. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika biashara ya mikataba ya aina hii hupoteza fedha. Hesabu biashara 100 zilizofuata sheria zote. Kama jumla yake bado ni hasara, basi tatizo si hasira, ni njia yenyewe. Funga akaunti na fedha iliyobaki ipelekwe kwenye kazi nyingine. Bila daftari hutajua ni lipi kati ya hayo mawili linalokumaliza, na utaendelea kulidai soko deni ambalo halikuwahi kulikopa.