Finkubala za Lubumbashi kufika Brisele: zawadi inapita, biashara inazuiliwa

Kila juma, kwenye uwanja wa ndege wa Luano, kuna valizi zenye kunuka samaki kavu. Mama anatuma kwa dada yake Ubelgiji, kijana anabebea mjomba wake. Zamani ilikuwa mambo ya familia. Leo wengi wanatuma ili ndugu auzishe kule Matonge, mtaa wa Wakongomani mjini Brisele, na arudishe feza. Hapo njo matatizo yanaanza.

Sheria yenye wasafiri wanaikuta Zaventem iko moja kwa Umoja wa Ulaya nzima, na ilianza kutumika tarehe 14 Desemba 2019. Nyama na maziwa toka Kongo ni hapana kabisa, hata kipande kidogo cha nyama kavu ya pori. Samaki wanaruhusiwa, kilo 20 kwa mtu mmoja: wakavu, wa kuchoma kwa moshi ao wa chumvi wanapita, lakini samaki mubichi lazima atolewe matumbo. Vitu vingine vyenye kutoka kwa wanyama, kama vile asali na konokono, vina mpaka wa kilo 2, vyote pamoja. Finkubala zinaingia mule.

Kwa mimea, swali ni moja tu: ni mibichi ao ni mikavu? Sombe mbichi na pilipili mbichi vinaomba seritifika ya afya ya mimea, yenye kutolewa huku kwetu na wakaguzi wa karantini wa serkali mbele ya safari. Matunda matano tu njo hayaombwi: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian, ambayo huku hatuna. Unga wa muhogo na pilipili kavu ya kusaga haviombi ile karatasi.

Tuchukue mfano wa valizi moja ya kilo 23. Ndani muko kilo 10 za samaki kavu, kilo 6 za unga wa muhogo, kilo 3 za finkubala, kilo 2 za pilipili mbichi na kilo 1 ya nyama kavu; kilo moja yenye kubaki ni uzito wa valizi yenyewe. Samaki na unga vinapita. Nyama inakamatwa na kuharibishwa. Pilipili pia, kama karatasi haiko. Finkubala zimepita mpaka kwa kilo moja. Mama huyu angekausha pilipili, angepunguza finkubala na kuacha nyama nyumbani, valizi yake ingefika bila maneno. Koli ya posta pia inafuata mipaka ileile, kwa hiyo kupitisha nyama kwa posta hakusaidii kitu.

Lakini hii mipaka yote ni ya chakula chenye mtu atakula yeye mwenyewe na jamaa yake. Wengi hawalijui hilo. Wanafikiri kwamba, kama kilo 20 za samaki zinaruhusiwa, basi watu watano wakibeba kilo 100, biashara imekuwa halali. Hapana. Pakiti arobaini zenye uzito mumoja, zenye etiketi na bei, zinaonyesha duane kwamba ni mali ya kuuzisha. Na mali ya kuuzisha yenye kutoka kwa wanyama inaomba vingine: inchi iwe kwenye liste ya Umoja wa Ulaya kwa aina ile ya chakula, mahali pa kutengenezea pawe pamekubaliwa, na muzigo ukaguliwe kwenye kituo cha mpaka.

Kwa finkubala, Kongo haiko kwenye liste ile. Tena kuna kizuizi cha pili. Ulaya inahesabu wadudu kuwa chakula kipya, na wenye wamekwisha kukubaliwa, kuanzia mwaka 2021, ni wadudu wa kufugwa kama vile nzige na chenene. Kiwavi cha miombo yetu hakimo. Ni ajabu kidogo kuita chakula kipya kitu chenye babu zetu walikula, lakini sheria yao inaangalia kama kilikuliwa Ulaya mbele ya Mei 1997.

Sheria ileile, ya mwaka 2015, imeacha mlango mmoja kwa chakula cha asili cha inchi za inje. Mwenye kuomba anaonyesha kwamba watu wengi wa inchi yake wanakila kwa miaka 25 ao zaidi bila kuumia. Inchi za Ulaya na ofisi yao ya usalama wa chakula zina miezi minne ya kupinga. Fonio, nafaka ya Afrika ya Mangaribi, ilipita kwa njia hii mwaka 2018. Kwa finkubala kazi ni nzito kuliko kwa nafaka: lazima kutaja aina moja moja ya kiwavi, na kupimisha udongo, madini na vidudu vyenye kubaki ndani kisha kukausha. Muuzaji mumoja wa soko ya Kenya hawezi kulipa laboratware. Kooperative ao chuo kikuu vinaweza kujaribu, lakini hata jibu likiwa ndiyo, itabaki serkali ya Kinshasa iombe Kongo iwekwe kwenye liste.

Kwa sasa, mwenye kutaka kuuzisha bila kupoteza mali ni afazali aanze na vitu vikavu vya shamba. Unga wa muhogo na pilipili kavu havipitie kwenye liste ya wanyama, hata kama navyo vinapimwa sumu na uchafu kama chakula chote chenye kuuzishwa kule.